Kubana rekodi ya sauti bila kuua maneno: kutoka WAV ya megabaiti 953 hadi faili la megabaiti 16

Wanaokwama kwenye kazi hii hukwama karibu wote mahali pamoja. Faili linapungua kweli, linatumwa, linafunguka, kisha mpokeaji anauliza: "Huyu amesema samani au thamani?" Mnenaji anasikika kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Aliyetuma anarudi, anabana upya faili lilelile lililokwisha kubanwa, na mambo yanazidi kuharibika.

Mwongozo huu unafuata rekodi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kikao cha dakika 90, kilichorekodiwa kwa kinasa sauti chenye maikrofoni mbili na kuhifadhiwa kama WAV. Lengo ni kukituma kama kiambatisho cha barua pepe, na anayesikiliza aweze kuandika muhtasari bila kubahatisha neno. Yako ikiwa ni somo, mahojiano au mawaidha, hatua ni hizihizi. Muziki una kanuni nyingine na haumo humu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Faili la asili, yaani lile lililotoka moja kwa moja kwenye kinasa sauti au simu. Nakala iliyopitia programu ya kutumiana ujumbe haifai kuanzia, kwa sababu mara nyingi imeshabanwa njiani.
- Programu ya `ffmpeg`. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Haina vitufe, unaiandikia amri kwenye dirisha la Terminal au Command Prompt.
- Hedifoni. Spika za kompyuta mpakato huficha makosa ambayo utayajutia baadaye.
- Nafasi ya kutosha kwenye diski kwa faili la asili na nakala zake mbili tatu.
- Jibu la swali moja: mpokeaji atafungulia faili kwenye kifaa gani? Jibu hilo ndilo litakaloamua umbo la mwisho, kwa hiyo muulize sasa.

Anayechukia kuandika amri atakuta maelezo ya Audacity karibu na mwisho. Hata hivyo asiruke hatua za katikati, maana sababu za kila jambo ziko huko.

## Hatua ya 1: Lisome faili kabla ya kuligusa

Tengeneza folda mpya, nakili humo faili la asili, lipe jina fupi lisilo na nafasi katikati. Letu tumeliita `kikao.wav`. Fungua Terminal ndani ya folda hiyo, kisha andika:

```
ffprobe -hide_banner kikao.wav
```

`ffprobe` huja pamoja na `ffmpeg`. Katika majibu yake tafuta mistari miwili. Kwetu ilisema `Duration: 01:30:00`, na chini yake `pcm_s16le, 44100 Hz, stereo, 1411 kb/s`.

Maana yake ni hii. Sauti imepimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16, na kazi hiyo imefanywa mara mbili kwa sababu kuna chaneli mbili, kushoto na kulia. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kwa sekunde 5,400 za kikao, hiyo ni megabaiti 953. (Windows italionyesha kama MB 908. Usishtuke, Windows huhesabu megabaiti kwa 1,024 badala ya 1,000.)

Sasa angalia kama sauti ilirekodiwa kwa nguvu kupita kiasi:

```
ffmpeg -i kikao.wav -af volumedetect -f null -
```

Mwishoni utaona `max_volume`. Ikiwa ni `-1.0 dB` au chini zaidi, uko salama. Ikiwa ni `0.0 dB`, huenda vilele vya sauti vimekatwa tangu wakati wa kurekodi. Sikiliza sehemu ambazo watu wanacheka au kupaza sauti: ukisikia mkwaruzo, mkwaruzo huo umo ndani ya faili la asili. Hakuna namna ya kubana itakayouondoa, na ni vizuri ujue sasa kabla hujalaumu ubanaji.

Umefanikiwa ikiwa unajua muda, idadi ya chaneli na kiwango cha juu cha sauti. Viandike pembeni.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya ukubwa unaoruhusiwa

Wengi huchagua kilobiti kwa kukisia, wanabana, wanaona faili ni kubwa, wanabana tena. Hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja:

```
sekunde × kilobiti kwa sekunde ÷ 8 = kilobaiti
```

Gmail inaruhusu ujumbe wa megabaiti 25. Lakini kiambatisho hakisafiri kama kilivyo. Hugeuzwa kuwa herufi kwa njia iitwayo Base64, na hapo huvimba kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo faili lenyewe lisizidi megabaiti 18 hivi. Hili ndilo linalowashangaza watu wenye faili la megabaiti 23 linalokataliwa.

Igeuze hesabu sasa: kilobaiti 18,000 mara 8, gawanya kwa sekunde 5,400. Unapata 26.7. Kilobiti zetu basi zisizidi 26 kwa sekunde, na tukichukua 24 tunabaki na nafasi ya kupumulia. 5,400 × 24 ÷ 8 ni kilobaiti 16,200, yaani megabaiti 16.2.

Kutoka 1,411 hadi 24 ni kupunguza karibu mara 59. Ukisikia hivyo unaweza kudhani sauti itakufa. Haifi, mradi ujue cha kutupa na cha kuacha.

## Kisichopaswa kutupwa

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu kosa kubwa linatokea hapa.

Irabu, yaani a, e, i, o, u, zina nguvu nyingi na zimekaa chini, sehemu kubwa ikiwa chini ya 3,000 Hz. Ndizo zinazofanya sauti isikike nene na ya karibu. Konsonanti za mkwaruzo kama s, sh, f na th ni dhaifu, na sehemu inayozitofautisha iko juu. S kwa mfano ina nguvu zake nyingi zaidi juu ya 4,000 Hz. Irabu inakuambia kwamba mtu anaongea, konsonanti inakuambia amesema nini.

Ukipima sauti mara fulani kwa sekunde, unaweza kuhifadhi mawimbi hadi nusu ya idadi hiyo tu. Anayeshusha kipimo hadi 8,000 Hz amekata kila kitu kilicho juu ya 4,000 Hz. S yake imekwisha. "Faa" na "saa" zinaanza kufanana, na "samani" na "thamani" huwezi kuzitenganisha kwa sikio, unabaki kukisia kwa maana ya sentensi.

Mara ya kwanza nilipobana kikao kirefu nilifanya hivyo hivyo. Nilishusha kipimo hadi 8,000 Hz nikajisifu kwa udogo wa faili. Katika dakika ya 41, mtu aliyeketi mbali na kinasa alikuwa amesema "thamani ya samani". Nilichotumiwa baadaye kwenye muhtasari kilikuwa "samani ya samani", na alama ya kuuliza pembeni. Tangu siku hiyo kipande hicho ndicho kipimo changu.

Kwa hiyo kanuni ni hii: anza kwa kutupa chaneli ya pili, kisha mngurumo wa chini, halafu tumia kodeki nzuri, yaani mbinu ya kubana na kufungua sauti. Kipimo cha kwa sekunde kiwe cha mwisho kuguswa, na kisishuke chini ya 16,000 Hz.

## Hatua ya 3: Kata kipande kigumu cha majaribio

Usijaribu mipangilio kwenye dakika zote 90. Sikiliza rekodi, tafuta sekunde 30 zilizo mbaya kuliko zote: mnenaji yuko mbali, feni inavuma, kuna tarakimu au majina ya watu. Dakika ya kwanza, ambapo mwenyekiti anafungua kikao akiwa mbele ya maikrofoni, haikupimi chochote. Itasikika vizuri hata ukibana vibaya.

```
ffmpeg -ss 00:41:10 -t 30 -i kikao.wav kipande.wav
```

`-ss` ni mahali pa kuanzia na `-t` ni sekunde ngapi za kuchukua. Bado hatujabana kitu. `kipande.wav` ina chaneli zote mbili kama asili.

Umefanikiwa ikiwa una faili la megabaiti 5 hivi, na ndani yake kuna angalau sentensi moja iliyokulazimu utege sikio.

## Hatua ya 4: Geuza stirio kuwa mono, lakini sikiliza kwanza

Mtu mmoja anayeongea hahitaji chaneli mbili. Kubaki na moja kunapunguza kazi ya kodeki, na kilobiti zote 24 zinakwenda kwenye maneno.

Lakini usichanganye chaneli kwa mazoea. Vaa hedifoni, cheza `kipande.wav`, toa sikio moja kisha jingine. Kwenye kikao chetu chaneli ya kushoto ilikuwa na sauti za watu zilizo wazi, na ya kulia ilikuwa imeelekea feni. Tungezichanganya, tungemwaga kelele za feni kwenye maneno safi. Tulichukua ya kushoto peke yake:

```
ffmpeg -i kipande.wav -af "pan=mono|c0=c0" mono.wav
```

`c0=c0` inamaanisha chaneli ya kushoto. Ukitaka ya kulia andika `c0=c1`. Zote mbili zikiwa nzuri kwa usawa, zichanganye nusu kwa nusu:

```
ffmpeg -i kipande.wav -af "pan=mono|c0=0.5*c0+0.5*c1" mono.wav
```

Tahadhari. Baada ya kuchanganya, ukikuta sauti imekuwa nyembamba, tupu katikati, au mnenaji ametoweka kabisa, chaneli zako zimepingana: moja ikipanda nyingine inashuka, zikijumlishwa zinafutana. Hutokea kwa nyaya zilizounganishwa kinyume na kwa vinasa vingine. Dawa yake ni kuchagua chaneli moja tu.

Umefanikiwa ikiwa `mono.wav` inasikika sawa masikio yote mawili na hakuna neno lililopotea.

## Hatua ya 5: Safisha kidogo, ukisawazisha ukubwa wa sauti

Kodeki haijui kwamba mngurumo wa feni hauna maana. Inautumia kilobiti kama inavyotumia kwenye maneno. Ukiwa na 24 tu, kila kilobiti inayokwenda kwenye mngurumo imeibiwa kutoka kwenye s yako.

Mambo mawili yanatosha. La kwanza ni kichujio kinachokata kilicho chini ya 80 Hz. Sauti ya mwanamume mwenye besi nzito huanzia karibu na hapo, kwa hiyo hupotezi kitu cha maana, ila mtikisiko wa meza, vishindo vya miguu na sehemu ya upepo vinaondoka. La pili ni kusawazisha sauti, ili aliyeketi mbali asikike bila msikilizaji kupandisha na kushusha sauti kila dakika.

```
ffmpeg -i kipande.wav -af "pan=mono|c0=c0,highpass=f=80,loudnorm=I=-18:TP=-2" -ar 48000 safi.wav
```

`I=-18` ni ukubwa wa wastani tunaoutaka. `TP=-2` ni dari ambayo vilele visiivuke, kwa sababu kubana huweza kupandisha vilele kidogo na kuvifanya vikwaruze. Usiisahau `-ar 48000`: `loudnorm` hupandisha kipimo cha sauti hadi 192,000 Hz inapofanya kazi, na usipoirudisha chini faili la WAV linafura bila sababu.

Mpangilio wa vichujio nao una maana. Chaneli kwanza, kisha mngurumo, kusawazisha mwisho. Ukisawazisha kabla ya kukata mngurumo, unapima mngurumo pamoja na sauti.

Kuna vichujio vya kufuta kelele pia, na utashawishika. Ushauri wangu ni uviache, isipokuwa kelele inasikika wazi hata watu wanapoongea. Vikitumiwa kwa nguvu vinakula s na f pamoja na feni, halafu vinaacha sauti ya majimaji ambayo kodeki itaizidisha.

Umefanikiwa ikiwa unasikia mnenaji wa mbali na wa karibu kwa ukubwa usiopishana sana, na kati ya maneno kelele haijapanda kiasi cha kukera. Ikipanda, shusha hadi `I=-20`.

## Hatua ya 6: Bana kwa Opus

Sasa kazi yenyewe. Opus ni kodeki iliyotangazwa kuwa kiwango rasmi cha mtandao mwaka 2012, na ndiyo inayobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Faida yake kwetu ni kwamba ndani yake kuna mbinu mbili, moja iliyotengenezwa kwa ajili ya usemi na nyingine kwa ajili ya sauti zote, na inaweza kutumia yoyote au zote kwa pamoja. Ndiyo maana kwa kilobiti 24 inabakiza konsonanti ambazo MP3 ya kilobiti hizohizo imeshazisaga.

Jaribu kwanza kwenye kipande:

```
ffmpeg -i safi.wav -c:a libopus -b:a 24k -application voip jaribio24.opus
```

`-application voip` inaiambia Opus itangulize kueleweka kwa maneno. Tengeneza na nyingine kwa `16k` na `32k`, ukizipa majina tofauti. Zisikilize kwa mfululizo: `safi.wav`, kisha 32, 24 na 16.

Kwenye kipande chetu, 32 na 24 sikuweza kuzitofautisha bila kuangalia majina. Kwenye 16 maneno yote yalieleweka, ila feni ilianza kugeuka mchirizi wa maji na s zikawa kavu. Kwa rekodi safi ya mtu mmoja mbele ya maikrofoni, 16 ingetosha. Kwa watu wanane mezani na feni inazunguka, tulibaki na 24.

Ukisharidhika, bana kikao kizima kutoka kwenye faili la asili:

```
ffmpeg -i kikao.wav -af "pan=mono|c0=c0,highpass=f=80,loudnorm=I=-18:TP=-2" -ar 48000 -c:a libopus -b:a 24k -application voip kikao.opus
```

Utashangaa kuona `-ar 48000` wakati tunataka faili dogo. Kwenye kodeki za aina hii ukubwa wa faili unaamuliwa na kilobiti kwa sekunde, kipimo hakiuamui. Opus yenyewe ndiyo itakayoamua sauti za juu kiasi gani zibebwe kwa nafasi uliyoipa. Kuishushia kipimo ni kuinyima uamuzi huo bila kuokoa chochote.

Ni kawaida pia faili lisifike megabaiti 16.2 kamili. Opus hutumia kilobiti chache penye ukimya na nyingi penye mazungumzo, kwa hiyo linaweza kupungua au kuzidi kidogo. Likizidi 18, rudia kwa `22k`.

Tahadhari. Usitumie `kikao.opus` kutengeneza faili jingine dogo zaidi. Kila ubanaji wa namna hii hutupa kitu, na unaofuata unachukua makosa ya uliotangulia kama sehemu ya sauti na kuyabana nayo. Ukitaka ukubwa mwingine, rudi kwenye WAV.

## Hatua ya 7: Mpokeaji asipoweza kufungua Opus

Simu za Android za miaka ya karibuni hufungua faili la Opus bila shida. Baadhi ya iPhone za zamani na vicheza sauti vya magari hugoma. Hapo ndipo lile swali la mwanzo linapolipa, na jibu ni MP3.

Lakini MP3 inahitaji nafasi zaidi. Kwa usemi wa mono, kilobiti 48 kwa kipimo cha 24,000 Hz ni mahali pazuri:

```
ffmpeg -i kikao.wav -af "pan=mono|c0=c0,highpass=f=80,loudnorm=I=-18:TP=-2" -ar 24000 -c:a libmp3lame -b:a 48k kikao.mp3
```

Hapa nimeshusha kipimo makusudi. MP3 haina akili ya Opus ya kugawa nafasi, na kwa kilobiti chache inafanya kazi vizuri zaidi ikipewa sauti hadi 12,000 Hz tu kuliko ikihangaika na 22,000. Mpaka huo bado uko juu sana ya s na th.

Hesabu: 5,400 × 48 ÷ 8 ni megabaiti 32.4. Haiingii kwenye barua pepe. Kishawishi cha kushuka hadi 24 kitakujia. Jaribu kwenye kipande usikie mwenyewe: maneno yanapata mlio wa bati, na "thamani ya samani" inarudi kuwa fumbo. Afadhali faili zuri likatwe mara mbili:

```
ffmpeg -i kikao.mp3 -c copy -f segment -segment_time 2700 -reset_timestamps 1 kikao_%02d.mp3
```

`-c copy` ndiyo inayolinda ubora, kwa kuwa inakata bila kubana upya. Sekunde 2,700 ni dakika 45, na utapata `kikao_00.mp3` na `kikao_01.mp3`, kila moja ikiwa na megabaiti 16.2. Huenda pia ukapata kipande cha tatu cha chini ya sekunde moja mwishoni, kifute.

## Hatua ya 8: Kagua kabla ya kutuma

Fungua faili la mwisho kwa `ffprobe` na ulinganishe muda. Asili ni `01:30:00`. Lako likisema `01:12:44`, kazi ilikatika katikati, mara nyingi kwa sababu diski ilijaa.

Kisha usisikilize mwanzo tu. Ruka hadi dakika ya 41, kwenye kipande kile kigumu, halafu sehemu nyingine mbili ambako tarakimu au majina yanatajwa. Andika kwenye karatasi unachosikia kutoka kwenye faili dogo, ndipo ufungue asili uhakikishe. Ukisikiliza asili kwanza, ubongo utakujazia maneno ambayo faili dogo halina, na utajidanganya.

Mwisho sikiliza kwa spika ya simu bila hedifoni. Wapokeaji wengi watafanya hivyo.

## Ukisikia hivi, tatizo liko hapa

Sauti kama ya ndani ya pipa, s hazipo. Kipimo kimeshuka hadi 8,000 Hz mahali fulani, pengine kwenye kinasa chenyewe. `ffprobe` kwenye asili itakuambia. Ikiwa asili ndiyo 8,000, hakuna kichujio kitakachozirudisha.

Mlio wa majimaji au ndege wadogo nyuma ya maneno. Kilobiti hazitoshi kwa kelele iliyopo, au faili limebanwa mara mbili. Ongeza hatua moja, kutoka 24 hadi 32, ukianzia asili.

Kelele inapanda kila watu wanaponyamaza. Ni `loudnorm` inayojaribu kuinua ukimya. Shusha `I` hadi -20 au -22.

Faili halikupungua ulipolitia kwenye ZIP. Halitapungua kwa maana. ZIP hutafuta marudio yaliyo sawasawa kabisa, na sauti haina mengi ya hayo. MP3 na Opus ndizo hazina kabisa.

Asili yako ni M4A ya simu, si WAV. Endelea na hatua zilezile, ukiandika `kikao.m4a` penye `kikao.wav`. Imeshabanwa mara moja, kwa hiyo mpe kodeki nafasi kidogo zaidi: 32 kwa Opus, 64 kwa MP3. `ffprobe` ikionyesha tayari iko chini ya `50 kb/s`, itume ilivyo au ikate vipande kwa `-c copy`.

## Kwa wanaotumia Audacity

Fungua faili, sikiliza kila chaneli kama hatua ya 4. Ukichagua moja, tenganisha kwa `Split Stereo to Mono` kwenye menyu ya wimbo na ufute usiyoitaka. Ukizichanganya, tumia `Mix Stereo Down to Mono`. Weka `High-Pass Filter` kwenye 80 Hz, kisha `Loudness Normalization` kwenye -18.

Wakati wa kuhamisha chagua MP3, `Mono`, `Constant`, `48 kbps`, na kipimo cha 24000 Hz. Angalia hasa hilo la `Constant`: ukiliacha kwenye mpangilio mwingine, hesabu ya hatua ya 2 haitafuata, na utashangaa faili limetoka kubwa kuliko ulivyopanga.